Kupunguza Theluthi ya Insha Bila Kuiua Hoja

Insha ya maneno 1,500 inayotakiwa isizidi maneno 1,000 ina maneno 500 ya kuondoka, yaani theluthi kamili. Waandishi wengi huanza kuipunguza kutoka juu kwenda chini, wakiokota neno hapa na neno pale: "sana" moja, "kwa kweli" mbili, kivumishi kilichojirudia. Baada ya saa nzima wanakuta wameondoa maneno sitini, na macho yamechoka. Rasimu iliyoandikwa kwa uangalifu wa kawaida, ikisuguliwa sentensi moja moja, aghalabu hupungua kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi. Kwa insha hii hayo ni maneno 150 hivi. Yale mengine 350 hayamo ndani ya sentensi. Yamo katika aya nzima au nusu aya ambazo hazifanyi kazi yoyote katika hoja, hata kama zimeandikwa vizuri.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu: aya kwanza, sentensi baadaye. Anayeanza na sentensi hujikuta akinyoosha aya ambayo kesho yake ataitupa. Tena akishaipenda kwa jinsi alivyoinyoosha, hatakubali kuitupa.

Kazi hii hueleweka zaidi ikifuatwa katika insha moja. Tuseme insha yenyewe inauliza kwa nini Kiunguja, wala si Kimvita, ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Rasimu ina aya kumi na maneno 1,500. Aya ya kwanza, maneno 130, inasifu Kiswahili na kuenea kwake duniani. Ya pili, maneno 170, inasimulia chimbuko la lugha katika pwani na kuorodhesha lahaja. Ya tatu, 140, inaeleza mkutano wenyewe na kutoa dai. Ya nne, 220, inahusu vitabu vya wamisionari wa Unguja, kikiwemo cha Edward Steere kilichochapwa mwaka 1870. Ya tano, 180, ni ya shule na utawala wa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa wamekwisha kukitumia Kiswahili kabla ya Waingereza kufika. Ya sita, 160, ni ya misafara ya biashara iliyotoka pwani inayoelekea Unguja ikaenda bara. Ya saba, 170, inaipa Kimvita haki yake: ilikuwa lahaja yenye ushairi mkubwa, lahaja ya Muyaka bin Haji. Ya nane, 130, inalijibu pingamizi hilo. Ya tisa, 110, inaeleza kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 na kamusi zilizotoka mwaka 1939. Ya kumi, 90, ni hitimisho.

Kabla ya kugusa neno lolote, hoja huandikwa pembeni kwa sentensi moja, na rasimu hufungwa wakati wa kuiandika. Sharti la kuifunga lina sababu yake. Rasimu ikiwa wazi mbele ya macho, mwandishi hunakili sentensi ya aya ya tatu kwa sababu ndiyo aliyoiita dai, kumbe fikra yake ilihama akiwa katika aya ya saba. Ikiwa imefungwa, hulazimika kusema kile ambacho insha nzima imemfikisha. Kwa insha hii sentensi ilitoka hivi: Kiunguja kilichaguliwa kwa sababu tayari kilikuwa kimeingia katika vitabu, shule na safari za bara, si kwa sababu kilikuwa lahaja bora kuliko Kimvita. Sentensi hiyo ina pande mbili, "kwa sababu hii" na "si kwa sababu ile". Upande wa pili ndio utakaoamua mengi huko mbele.

Kisha kila aya huulizwa swali moja: ikiondoka, msomaji atauliza nini? Ikiondoka aya ya nne, atauliza, "Ushahidi wa hivyo vitabu uko wapi?" Aya hiyo inabeba mzigo. Ikiondoka ya kwanza, haulizi kitu. Anayesoma insha juu ya lahaja za Kiswahili hahitaji kushawishiwa kwamba Kiswahili ni lugha kubwa. Amekwisha kukisoma mpaka hapo. Utangulizi wa namna hii una kazi moja ya kweli, nayo ni kumpasha moto mwandishi. Kama mashine ya kusaga inayozungushwa tupu kabla ya mahindi kumiminwa, aya hiyo ilimsaidia kuanza, na insha ikishaanza haina kazi tena. Katika rasimu nyingi insha yenyewe huanzia aya ya pili au ya tatu.

Aya ya pili ni ngumu kidogo, kwa sababu ina maarifa. Asili ya Kibantu, majina ya lahaja kutoka Kiamu hadi Kimtang'ata, yote ni ya kweli na mwandishi aliyatafuta kwa jasho. Hapa ndipo wengi hukwama. Jasho lililotumika kupata habari halihesabiwi katika kupima kazi ya habari hiyo. Ili kuifuata hoja, msomaji anahitaji kujua jambo moja tu kati ya hayo: kwamba Kiunguja ni lahaja ya mjini Unguja na Kimvita ni ya Mombasa. Jambo hilo linaingia katika maneno 40. Maneno 130 yanaondoka.

Aya ya tisa nayo inadanganya, kwa namna nyingine. Kamati ya mwaka 1930 na kamusi za 1939 zinahusu mada hii moja kwa moja, wala hakuna atakayesema mwandishi ametoka nje. Lakini zilikuja baada ya uamuzi. Jambo lililotokea mwaka 1939 haliwezi kuthibitisha sababu ya uamuzi wa mwaka 1928. Aya za matokeo hupenda kujificha karibu na mwisho wa insha za historia, kwa kuwa masimulizi yana mazoea ya kusonga mbele hata pale hoja imekwisha. Inatosha sentensi moja ya maneno 20 kusema uamuzi ulifuatwa na nini.

Hitimisho la maneno 90 lilirudia sababu zote tatu kwa mpangilio uleule. Katika insha ya kurasa ishirini marudio hayo huenda yakamsaidia msomaji. Katika insha ya maneno 1,000 aliyasoma dakika tatu zilizopita. Yanabaki maneno 50. Utangulizi unabaki na maneno 20, yaani sentensi inayouliza swali, nayo inashikamana na aya ya tatu. Mpaka hapa zimeondoka 110 kutoka utangulizi, 130 kutoka aya ya pili, 90 kutoka ya tisa na 40 kutoka hitimisho. Jumla ni 370, na insha ina maneno 1,130.

Kuna njia ya mkato ambayo mwandishi mwenye haraka angeiona mapema zaidi. Aya ya saba na ya nane kwa pamoja zina maneno 300, tena zinaonekana kwenda kinyume na dai: moja inaisifu Kimvita, nyingine inatumia nguvu kuijibu. Zikiondolewa, zaidi ya nusu ya kazi imekwisha kwa kubofya mara mbili. Na insha itakayobaki itasomeka vizuri, bila pengo lolote la kuonekana kwa macho. Ndiyo hatari yake. Ile sentensi ya pembeni ilisema "si kwa sababu kilikuwa lahaja bora kuliko Kimvita", na aya zinazouthibitisha upande huo ni hizo mbili peke yake. Bila hizo, insha inakuwa orodha ya mambo yaliyokisaidia Kiunguja kuenea, na msomaji wa Mombasa atauliza swali lilelile ambalo insha iliandikwa kulijibu. Pingamizi na jibu lake huwa la kwanza kukatwa kwa sababu linaonekana kama ukarimu wa mwandishi kwa wapinzani. Mara nyingi ndilo linaloifanya insha iwe hoja badala ya kuwa maelezo. Linaweza kufupishwa kwa ndani, lakini haliwezi kuondolewa.

Baada ya aya zilizobaki kujulikana, sasa sentensi zina haki ya kuguswa. Hapa Kiswahili kina tabia zake, na mtu aliyezoea kanuni za kufupisha Kiingereza hazitamfaa sana. Neno moja la Kiswahili hubeba nafsi, wakati, urejeshi na mtendwa, kwa hiyo ufupisho mkubwa hupatikana kwa kuyarudisha ndani ya kitenzi mambo yaliyotawanywa nje yake. Sentensi ya aya ya tatu katika rasimu ilikuwa hii:

"Ni vyema ikafahamika ya kwamba mnamo mwaka wa 1928 wajumbe ambao walitoka katika nchi za Afrika ya Mashariki walifanya mkutano katika mji wa Mombasa kwa lengo na madhumuni ya kufanya uamuzi kuhusu ni lahaja ipi ambayo ingefaa kutumika kama msingi wa Kiswahili sanifu."

Hayo ni maneno 43. Baada ya kupunguzwa yakawa 17:

"Mwaka 1928 wajumbe kutoka nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa kuamua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu."

"Ni vyema ikafahamika ya kwamba" haikuwa na habari. "Walifanya mkutano" ni kitenzi kilichovunjwa vipande viwili, na "kufanya uamuzi" vilevile. Kila kimoja kilirudi kuwa kimoja, "walikutana" na "kuamua". "Lengo na madhumuni" ni pacha la ofisini, maneno mawili yenye maana moja ambayo barua za kiserikali zimetuzoesha kuyasikia pamoja mpaka moja likiwa peke yake linaonekana limeachika. Mombasa haihitaji kuitwa mji, wala haihitaji "katika", kwa kuwa jina la mahali hujitosheleza baada ya kitenzi. Na "ambayo ingefaa kutumika kama" iliingia yote ndani ya "itakayokuwa". Si kila sentensi ina mafuta kiasi hiki. Nyingi hutoa neno moja au mawili, na nyingine hazitoi hata moja.

Urejeshi ndio wenye faida kubwa kuliko yote, na ndio unaohitaji tahadhari. "Wajumbe ambao walikutana" huwa "waliokutana" na neno moja limeokolewa, pengine mara ishirini katika insha moja. Lakini "amba-" haiondoki kila mahali. Katika Kiswahili sanifu wakati wa "-me-" haupokei kirejeshi ndani yake: "wanafunzi ambao wamesoma Kimvita" hawawezi kuandikwa kwa neno moja bila kubadili wakati kuwa "waliosoma", na hao huenda walisoma zamani na kusahau. Ukanushi nao una mtego wake. "Wajumbe ambao hawakukubali" ni watu waliokataa siku fulani, katika kikao fulani. "Wajumbe wasiokubali" hawana wakati. Wanasikika kama watu wenye tabia ya kukataa. Pale wakati wa tendo ni sehemu ya ushahidi, kama ulivyo katika insha ya historia, "ambao" inabaki na neno lake linalipwa.

Kosa jingine halihusu sarufi bali ukweli. Aya ya nne ilikuwa na maneno "misheni nyingi za bara zilitumia vitabu vya Kiunguja". Neno "nyingi" linaonekana kama kivumishi cha kawaida, la kuondolewa bila kufikiri. Likiondoka, sentensi inasema misheni za bara, zote, zilitumia vitabu hivyo, na mtu yeyote anayeijua kazi ya misheni ya Kianglikana iliyokuwa Mombasa, iliyoandika kwa Kimvita, ataanza kuitilia shaka insha nzima. Maneno kama "nyingi", "aghalabu", "huenda" na "isipokuwa" ni madogo na yametapakaa kila mahali, kwa hiyo mkono wenye haraka huyafagia pamoja na takataka. Yako ya aina mbili. "Huenda labda pengine" ni woga, na mawili kati ya hayo yanaweza kwenda. "Nyingi" katika sentensi ile ni mpaka wa dai. Njia ya kuyatofautisha ni kuisoma sentensi bila neno hilo na kujiuliza kama kuna mfano mmoja unaojulikana wa kuikanusha. Mfano ukiwepo, neno libaki.

Hatari ya tatu ni ya Kiswahili hasa, nayo ni "-ka-". Kiambishi hiki kinasukuma masimulizi kwa wepesi usio na gharama, na mwandishi anayebana maneno humkimbilia kama rafiki. Rasimu ilisema: "Kwa kuwa kitabu cha Steere kilikuwa kimekwisha kutumika kwa miaka mingi, wajumbe waliona ni rahisi kukichagua Kiunguja." Toleo lililobanwa likasema: "Kitabu cha Steere kilichapwa, kikatumika, Kiunguja kikachaguliwa." Maneno 17 yamekuwa saba, na sentensi ina mdundo. Lakini "-ka-" husema tu jambo hili lilifuata lile. Haisemi lilisababishwa na lile. Katika hadithi msomaji hujaza sababu mwenyewe; katika hoja sababu ndiyo yenyewe inayodaiwa, na ikiachwa ijazwe na msomaji, mwandishi ameacha kazi aliyokuja kuifanya. Kwa hiyo viunganishi vya sababu na vya kupinga, yaani "kwa kuwa", "kwa hiyo", "ingawa" na "hata hivyo", hukaguliwa peke yake baada ya kupunguza. Rasimu ndefu na toleo fupi huwekwa sambamba, na kila kiunganishi kilichotoweka hutafutiwa jibu: je, uhusiano ule bado unaonekana? Katika sentensi hii suluhisho lilikuwa la katikati: "Wajumbe walikichagua Kiunguja kwa kuwa tayari kilikuwa na kitabu cha Steere." Ni maneno 11, na sababu imebaki.

Kusugua aya sita za katikati, zenye maneno 1,000, kulitoa 95. Insha ikawa na maneno 1,035, bado 35 zaidi ya kikomo. Hapo mwandishi aliyechoka hushawishika kurudi kwenye hila. Ya kawaida ni kugandisha maneno: "kwasababu", "kwahiyo", "kwamfano". Kompyuta huhesabu kila kilicho kati ya nafasi mbili kuwa neno moja, kwa hiyo hila hiyo hupunguza hesabu kweli. Hupunguza pia alama, kwa sababu msahihishaji yeyote wa Kiswahili huliona kosa hilo kabla hajamaliza mstari. Hali ni tofauti kwa "mbalimbali" na "polepole", ambazo tahajia sanifu inaziandika kuwa neno moja. Aliyeziandika mbilimbili ana haki ya kurudishiwa neno lake.

Maneno 35 ya mwisho yanatafutwa palipo na mifano miwili inayothibitisha jambo moja. Aya ya nne ilikuwa na kitabu cha Steere, kisha sentensi ya maneno 41 juu ya tafsiri nyingine zilizochapwa na misheni hiyohiyo ya Unguja. Mfano wa pili ungekuwa na uzito kama ungetoka mahali tofauti, tuseme kwa watu wasiohusiana na misheni hiyo. Ukitoka chumba kilekile, unarudia wa kwanza kwa sauti ya juu zaidi. Uliondolewa, na insha ikafika maneno 994.

Aya zilizounganishwa upya huacha alama za makovu, na alama hizo hujulikana. "Kama ilivyoelezwa hapo juu" inaelekeza kwenye aya iliyokwisha kutupwa. "Lahaja hiyo" haina tena lahaja iliyotangulia kutajwa. Jina la Steere linatokea bila kuelezwa kwamba alikuwa mmisionari wa Unguja, kwa kuwa maelezo hayo yalikuwa katika sentensi iliyokatwa. Mwandishi haoni makovu haya kwa sababu kichwani mwake rasimu ndefu bado ipo nzima na inamjazia mapengo. Anayeyaona ni mtu ambaye hakuisoma rasimu hiyo. Basi insha fupi hupewa mtu wa namna hiyo, asome mara moja, aiweke chini, aeleze kwa sentensi moja insha inadai nini na kwa nini. Haulizwi kama imempendeza. Sentensi yake hulinganishwa na ile iliyoandikwa pembeni siku ya kwanza. Akisema "inaeleza jinsi Kiunguja kilivyoenea", upande wa pili wa hoja umepotea njiani na aya ya saba na ya nane zinahitaji kurudishiwa kitu. Akisema "wajumbe walichukua kilichokuwa tayari kimeenea, hata kama Kimvita ilikuwa na ushairi zaidi", hoja imefika salama.

Linabaki suala la hesabu. Programu mbili za kompyuta zinaweza kutoa idadi tofauti kwa insha moja, hasa penye vistari, mkwaju au tarakimu zilizotenganishwa. Tanbihi nazo huhesabiwa au haziingizwi kutegemea kisanduku kilichowekwa alama, na masharti ya shindano au chuo hayasemi jambo moja kila mahali kuhusu kichwa cha habari na marejeo. Anayesoma masharti hayo mwanzoni hujua anakata kutoka 1,500 au kutoka 1,560. Maneno sita yaliyoachwa wazi chini ya 1,000 yanatosha kufidia tofauti ya mashine. Zile aya zilizoondolewa, ya lahaja na ya kamusi za 1939, huhifadhiwa katika faili jingine lenye jina lake, kwa sababu kila moja ni mwanzo wa insha nyingine.